Asilimia Kumi Iliyowadanganya Wakaguzi

Kwa miaka mingi viwandani, mkaguzi aliyepokea mzigo na kutaka kujua afungue vitu vingapi alipewa jibu moja: asilimia kumi. Mzigo wa vipande 50, kagua 5. Mzigo wa 1,000, kagua 100. Kanuni hii ilionekana ya haki, ilikaririka kwa urahisi, na ndiyo maana ilidumu. Lakini ilikuwa na dosari kubwa ambayo hesabu ya dakika chache inatosha kuifichua.

Tuchukue swichi za umeme, 4 mbovu katika kila 100, na tukubaliane kwamba mzigo unapokelewa iwapo sampuli haina hata moja mbovu. Katika mzigo wa swichi 50, mbovu ni 2. Ukichomoa 5 bila kuchagua, uwezekano wa kutozigusa hizo mbili ni asilimia 81, kwa hiyo mingi ya mizigo mibovu ya namna hiyo itapita. Sasa chukua mzigo wa 1,000 wenye mbovu 40, ukague 100. Uwezekano wa kupita unaporomoka hadi kama asilimia 1. Ubovu ni uleule, kanuni ni ileile, ila mwenye mzigo mdogo anasamehewa na mwenye mzigo mkubwa anakamatwa.

Badala yake kagua swichi 20 katika kila mzigo, uwe mdogo au mkubwa. Mzigo wa 50 utapita kwa asilimia 36, na ule wa 1,000 kwa asilimia 44. Tofauti karibu imetoweka. Kinachomlinda mnunuzi ni idadi ya vitu vilivyokaguliwa. Sehemu ya mzigo inayowakilishwa na idadi hiyo haina uzito mkubwa. Wengi hugoma kuliamini jambo hili mpaka wapige hesabu wenyewe, na sioni ajabu.

Waliolifanyia kazi kwa kina ni Harold Dodge na Harry Romig, wahandisi wa maabara za Bell nchini Marekani. Kampuni mama yao ilikuwa ikitengeneza vifaa vya simu kwa wingi katika kiwanda cha Hawthorne, nje kidogo ya Chicago, na kukagua kila kipande kulikuwa mzigo usiobebeka. Mwaka 1929 walichapisha njia yao. Walianza kwa kukiri kwamba sampuli yoyote inaweza kukosea, na kwamba makosa yenyewe ni ya aina mbili: mnunuzi kupokea mzigo mbovu, na mzalishaji kurudishiwa mzigo mzuri. Wakayaita hatari ya mnunuzi na hatari ya mzalishaji. Kuanzia hapo swali likageuka. Kwanza mnakubaliana ni hatari kiasi gani kila upande utaistahimili, kisha hesabu ndiyo inayotoa idadi ya kukagua.

Vita vya Pili vya Dunia vilizitoa hesabu hizo maabarani na kuzipeleka jeshini. Risasi haijaribiwi ila kwa kufyatuliwa, na iliyofyatuliwa haipiganii tena mtu. Huwezi kuzijaribu zote. Mwaka 1942 idara ya silaha ya jeshi la Marekani ilikuwa na majedwali yake ya sampuli, na Dodge alikuwa miongoni mwa walioyatayarisha. Mwaka 1950 majeshi yalipata kiwango kimoja, MIL-STD-105, na mwaka 1974 mfumo huo ukaingia katika viwango vya kimataifa kama ISO 2859.

Jedwali la kiwango hicho likitumika kwa mzigo wa nguo 2,000 zilizo katika katoni, pande mbili zikikubaliana kwamba kasoro 1 katika kila 100 inavumilika, mkaguzi anatakiwa kuchukua 125. Akikuta mbovu 3 au pungufu, anapokea. Akikuta 4, anakataa. Mzigo wa 20,000 unadai sampuli 315 tu. Idadi inapanda, lakini taratibu, na sababu ya kupanda ni kwamba kukosea katika mzigo mkubwa kunagharimu zaidi.

Sampuli hiyo ya 125 ina mipaka yake. Mzigo wenye kasoro 1 katika 100 utapokelewa mara 96 katika kila 100, na hilo ni jema kwa mzalishaji. Lakini wenye kasoro 5 katika 100 bado utapita mara 12. Hesabu zote hizi pia zinavunjika mkaguzi akichomoa vipande vya katoni za juu peke yake, zile zilizo karibu na mlango, kwa sababu mwenye mzigo anajua zitafunguliwa.

Ndiyo maana kiwango hakimwamini mtu kwa mzigo mmoja. Mizigo miwili ikikataliwa kati ya mitano inayofuatana, ukaguzi unakazwa: sampuli inabaki 125, lakini sasa mbovu 2 ndio mwisho. Ule mzigo wa kasoro 5 katika 100 hupita mara 5 tu badala ya 12, na mzalishaji harudi kwenye ukaguzi wa kawaida mpaka mizigo mitano mfululizo ipokelewe.