Kodi ya depo inayolipwa mwanzo wa mwaka: namna ya kuihesabu ndani ya mradi

Wenye depo wengi katika miji yetu wanaomba kodi ya mwaka mzima, na wanaiomba mbele, ile siku wanakupa ufunguo. Lakini mtu akiketi kupiga hesabu ya mradi, mara nyingi anaandika kodi ile kama vile inalipwa mwisho wa mwaka, pamoja na mapato. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini linaweza kufanya mradi wa hasara uonekane mzuri.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Bukavu anataka kuweka mashini ya kusaga mihogo karibu na soko la Kadutu. Mashini inauzwa dola 1500, na itafanya kazi miaka 4. Kodi ya depo ni dola 600 kwa mwaka, mbele. Kila mwaka, akiisha kulipa mazuti, fundi na mfanyakazi, anatazamia kubaki na dola 1250 mbele ya kutosha kodi. Feza ya kuanzia anaikopa kwa 20 kwa mia kwa mwaka.

Kwa sababu ya ile 20 kwa mia, dola ya mwakani haina uzito wa dola ya leo. Ili kujua thamani ya leo, tunagawa kwa 1,2 kwa kila mwaka wa kungoja. Mapato ya 1250 yanakusanyika pole pole, kwa hiyo tunayahesabu mwisho wa kila mwaka: 1042, 868, 723 na 603. Jumla ni dola 3236 za leo.

Sasa kodi. Akiiandika mwisho wa mwaka, anapata 500, 417, 347 na 289, jumla 1553. Tukitosha 1553 na bei ya mashini 1500 kwenye 3236, inabaki faida ya dola 183. Mama anafurahi, anaenda kusaini kontra.

Lakini kodi ya kwanza inatoka leo, mbele hajasaga hata beseni moja. Haingoji, basi haigawiwi: ni 600 kamili. Ya mwaka wa pili inangoja mwaka mmoja, inakuwa 500. Zinazofuata ni 417 na 347. Jumla ni 1864. Sasa 3236 tukitosha 1864 na 1500, tunapata hasara ya dola 128. Mashini ni ile ile, depo ni ile ile, kodi ni ile ile. Kimebadilika kitu kimoja tu: siku ya kulipa.

Kuna njia ya mkato. Kila malipo yanakuja mwaka mmoja mapema, kwa hiyo chukua jumla ya malipo ya mwisho wa mwaka uizidishe mara 1,2: 1553 inakuwa 1864. Kwa mwenye kutumia Eksel ya Kifaransa, namba 1 ya mwisho ndiyo inasema malipo ni ya mbele. Ukiisahau, mashini itachukua kwamba unalipa nyuma:

```
=VA(20%;4;-600;0;1)
```

Namna ya kujua kama hesabu ya mtu ina kosa ni rahisi. Tazama kodi ya kwanza: kama imegawiwa, imewekwa pahali pabaya. Tena tazama mwisho wa mwaka wa 4: pale hakuna kodi tena, maana mwaka huo ulilipwa ulipoanza. Mwenye kuandika kodi leo na nyingine mwisho wa mwaka wa 4 amelipa mara tano kwa miaka minne. Mambo ni yale yale kwa patanti na karatasi nyingine zinazolipwa mwanzo wa mwaka. Lakini garanti ni kitu kingine: inalipwa mara moja, na kama kontra inasema itarudishwa, inaandikwa kama feza inayoingia mwishoni.

Hesabu hii inampa mama neno la kuzungumza na mwenye depo. Kodi ikishuka hadi 550 mbele, jumla ya kodi inakuwa 1708, na mradi unabaki na faida ndogo ya dola 28. Ao aseme: «Papa, nikulipe mwisho wa mwaka, nakuongezea: 650.» Kwa mama, 600 ya leo ni sawa na 720 ya mwakani, basi 650 ya nyuma inamfaa kuliko 600 ya mbele. Mwenye depo akikataa yote mawili, heri kutafuta depo nyingine mbele ya kununua mashini. Na asisahau kwamba siku ya kwanza anahitaji dola 2100 mkononi, si 1500.