Chapati Tatu Zinazogombania Kirai Kimoja

Tuchukulie mpishi mwenye chaneli ya YouTube. Januari alipakia video akaiita “Jinsi ya kupika chapati laini”. Mwezi wa sita akanunua kamera nzuri zaidi, akapika tena, akaandika “Chapati laini za kusukuma”. Desemba wageni walipojaa nyumbani alirekodi ya tatu, “Mapishi ya chapati laini sana”. Yeye anaona ana video tatu, lakini mtu aliyeshika simu jikoni, mikono ina unga, akaandika “chapati laini” kwenye kisanduku cha kutafutia, anaona jibu moja lililoandikwa mara tatu. Video hizo zinagombania nafasi ile ile, na zinazogombana ni za mama mmoja.

Dawa yake ni kuipa kila video kirai chake kikuu, yaani yale maneno hasa ambayo mtafutaji huyaandika na ambayo video hiyo imetengenezwa kuyajibu. Video ikiwa na kirai chake, kisicho chake kinaachiwa nyingine.

YouTube haimwadhibu mtu kwa kurudia mada. Madhara yanatokana na namna mashine ya utafutaji inavyopanga majibu. Kwanza inaangalia kama kichwa, maelezo na kilichomo kwenye video vinalingana na maneno yaliyoandikwa. Kisha inaangalia watu waliotafuta maneno hayo walifanya nini: walibofya ipi, na walikaa nayo kwa muda gani. Ushahidi huo hukusanywa kwa kila video peke yake. Watazamaji wa mpishi wetu wakigawanyika mara tatu, hakuna video inayokusanya wa kutosha kupanda, wakati jirani mwenye video moja tu ya chapati anaupata wote. Kuna jingine linaloudhi zaidi: inayopanda huenda ikawa ile ya Januari, yenye sauti ya feni zaidi kuliko ya mpishi, kwa kuwa imekaa muda mrefu na watu wameizoea.

Tatizo hili ni la utafutaji. Kwenye ukurasa wa mwanzo na kwenye orodha ya video zinazopendekezwa baada ya nyingine, kufanana kwa mada hakuna ubaya na mara nyingi husaidia, maana aliyemaliza chapati moja anaweza kuletewa ya pili. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fungua YouTube Studio, ingia kwenye video moja, nenda Analytics, utafute orodha ya vyanzo vya watazamaji. Kama YouTube search inaleta sehemu ndogo tu ya wanaoitazama, iache. Ikileta sehemu kubwa, bonyeza hapo uone maneno yenyewe ambayo watu waliandika. Fanya hivyo kwa kila video ya chapati, unakili maneno matano ya juu ya kila moja kwenye daftari, bega kwa bega. Maneno yale yale yakiwa juu kwenye video mbili, umewakuta wagomvi.

Hata hapo usiharakishe. Video mbili za chaneli moja zikikaa zote juu kwenye kirai kimoja, na zote zinatazamwa vizuri, umeshika viti viwili. Kuhama kimoja ni hasara. Dalili mbaya ni kuona zinapokezana, leo hii kesho ile, bila hata moja kutulia, au kuona dhaifu imekaa mbele ya nzuri. Ukijaribu kutafuta mwenyewe, tumia dirisha la faragha la kivinjari, kwa sababu ukiwa umeingia kwenye akaunti yako majibu huvutwa na historia yako.

Swali gumu ni lini virai viwili ni viwili kweli. Kiswahili kina milango mingi ya kuingilia chumba kimoja: “jinsi ya kupika”, “namna ya kupika”, “mapishi ya”. Anayeandika kimojawapo anataka kitu kile kile, kwa hiyo kubadilisha “jinsi” kuwa “namna” hakutenganishi video hata kidogo. Kipimo rahisi ni kutafuta virai vyote viwili na kulinganisha majibu kumi ya kwanza. Yakifanana kwa sehemu kubwa, ni haja moja. Yakitofautiana, watu wanataka vitu viwili. “Chapati za maji” ni mfano mzuri: jina ni chapati, lakini anayezitafuta anataka uji mwepesi wa ngano unaomiminwa kwenye kikaango, hataki kusukuma. Mandazi na mahamri yana utata zaidi. Kwa mtu wa Mombasa mahamri ni ya tui la nazi na iliki, na haongei habari ya mandazi. Kwingine huenda majina yakachanganywa. Hapo usibishane na kamusi, pima kwa majibu kumi.

Turudi kwa mpishi wetu. Daftari linaonyesha “chapati laini” iko juu kwenye video zote tatu. Anachagua moja ya kubaki na kirai hicho, na kigezo si jumla ya watazamaji, maana ya Januari imezitangulia zote kwa muda. Anaangalia wastani wa muda ambao watu hukaa nayo, na inashinda ile ya mwezi wa sita. Inaachiwa “chapati laini”. Kwenye video ya Desemba alipika za watu wengi, akaeleza jinsi ya kuzikunja na kuzihifadhi zisikauke. Haja ya pekee ilikuwa imelala humo muda wote: “chapati za watu wengi”. Anabadilisha kichwa, mistari miwili ya kwanza ya maelezo, na maneno kwenye picha ya jalada. Tagi anaweza kuziacha. YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, labda kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika.

Ya Januari ndiyo kisirani. Mwanzoni ilionekana haina jambo lolote lisilokuwemo kwenye ile ya pili. Kuiita “chapati za nazi” wakati hakuna nazi ni kumwalika mtu aondoke sekunde ya ishirini, na kuondoka huko kunahesabika. Kuifuta nako kuna gharama: viungo vilivyosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp vinakufa, na saa zake za kutazamwa zinatoka kwenye hesabu ya saa 4,000 za umma ambazo chaneli ndogo inaweza kutumia, pamoja na wafuatiliaji 1,000, kuomba kugawiwa mapato ya matangazo. Hata kuificha kwa wenye kiungo tu kunaziondoa. Alichofanya ni kuisikiliza tena. Katikati kuna dakika nne anazozungumzia unga uliokandwa ukakosa kupumzika na kikaango kilichopoa, na chapati mbili zilizomgomea mbele ya kamera. Akaiita “Kwa nini chapati zinakuwa ngumu”, akatumia kihariri cha Studio kukata utangulizi mrefu, na mwishoni akaweka skrini inayompeleka mtazamaji kwenye ile ya kusukuma.

Alibadilisha video moja kwa wakati, akaipa siku 28, ambazo ndizo kipindi ambacho Studio huonyesha yenyewe. Angebadilisha zote siku moja asingejua ipi imefanya nini. Sasa daftari lile limegeuka rejista: kila kirai na video yake. Wazo jipya likija, huanza kwa kulisoma daftari kabla ya kuwasha jiko. Wiki iliyopita aliandika “chapati laini bila mafuta mengi”, akatafuta, akakuta majibu manane kati ya kumi ni yale yale ya “chapati laini”. Aliufuta mstari huo, akaandika chini yake: mandazi ya mchele.