Mkanda Uliochanika Creswell

Alfajiri ya 26 Septemba 1950, wachimbaji 80 walikufa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Creswell, Derbyshire, Uingereza. Ndimi za moto hazikuwafikia. Waliuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Chanzo kilikuwa mkanda wa mpira wa kusafirishia makaa. Ulichanika, na kipande chake kikakwama pale makaa yanapomwagwa kutoka mkanda mmoja hadi mwingine. Mkanda haukusimama; ukaendelea kujisugua hadi mpira ukawaka. Ubaya zaidi, moto ulizuka kwenye njia inayoingiza hewa safi mgodini, kwa hiyo hewa ileile waliyoitegemea wachimbaji ndiyo iliyowapelekea moshi. Maji ya kuzimia hayakutosha. Ikabidi mgodi uzibwe ili moto ukose hewa, na miili mingine ikabaki chini hadi mwaka uliofuata.

Baada ya hapo migodi ya Uingereza ilihamia kwenye mikanda ya PVC isiyoshika moto kirahisi. Mwaka 1967 moto mwingine uliua watu tisa katika mgodi wa Michael, Scotland, ndipo wachimbaji wakagawiwa vifaa vya kujiokoa: kichujio cha kupumulia kwa mdomo huku pua imebanwa, kinachogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Lakini kichujio hakitengenezi oksijeni. Hewa ikipungukiwa nayo, hakifai kitu.

Vifaa vya baadaye hubeba kemikali inayotoa oksijeni kutokana na pumzi ya mvaaji, kwa takriban saa moja. Hivyo ndivyo walivyovaa wachimbaji 12 wa mgodi wa Aracoma, West Virginia, tarehe 19 Januari 2006, mkanda uliokaa upande ulipowasha moto. Kuta za kutenganisha njia za hewa zilikuwa zimeondolewa, na moshi ukajaa njia yao ya kutorokea. Mdomo ukiwa umeziba huwezi kumwita mwenzako bila kuvuta sumu. Kumi walitoka, wawili walipotelea kwenye moshi wakafa.

Siku kumi baadaye, moto ulizuka katika mgodi wa potashi wa Esterhazy, Kanada. Wachimbaji 72 hawakujaribu kuukimbia moshi. Walijifungia katika vyumba vya hifadhi vyenye oksijeni, maji na chakula, wakasubiri zaidi ya saa 24, na wote wakatoka hai. Ni kweli potashi haiwaki kama makaa, kwa hiyo huwezi kulinganisha migodi hiyo miwili moja kwa moja. Hata hivyo, sheria ya Marekani ilibadilishwa mwaka huohuo, na mwishoni mwa 2008 kanuni ikatoka: hifadhi ya dharura katika migodi ya makaa ya chini ya ardhi iwe na hewa ya kumtosha kila mtu kwa saa 96.