Chai na Kahawa kwa Mjamzito: Kiasi Kinachokubalika
Mjamzito wa Lugarawa, wilayani Ludewa, anayekunywa kwa siku vikombe vikubwa vitatu vya chai na kimoja cha kahawa inayoyeyuka majini hupata takriban miligramu 325 za kafeini. Shirika la Afya Duniani linashauri anayezidisha miligramu 300 apunguze. Akiacha kahawa hiyo, hubaki na 225. Chai iliyochemshwa ikakolea, kama wengi wanavyoipenda wakati wa baridi, huwa na zaidi.

Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado haliwezi kuivunjavunja. Mwili wa mama nao huiondoa polepole zaidi kadiri mimba inavyokua. Kiasi kikubwa kimehusishwa na mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito pungufu.