Ulilipa deni kwa vipande? Hivi ndivyo salio linavyopigwa

Mwenye duka alikopa Sh1,000,000 kwa riba ya 2% kwa mwezi, riba ikizaa riba. Mwezi wa 3 alirejesha Sh300,000, mwezi wa 5 Sh400,000. Mwezi wa 8 anataka kumaliza. Bado anadaiwa ngapi?

Chora mstari, weka alama 0, 3, 5 na 8. Mkopo uandike juu yake, marejesho chini. Kisha pesa zote zisogeze hadi tarehe moja, hapa mwezi wa 8, maana shilingi za miezi tofauti hazijumlishwi hivi hivi. Kipeo ni miezi iliyobaki kufika mwezi wa 8, si namba ya mwezi wa malipo. Wengi huteleza hapo.

```
300,000(1.02)^5 + 400,000(1.02)^3 + X = 1,000,000(1.02)^8
```

Yaani 331,224 + 424,483 + X = 1,171,659. X ni Sh415,952.

Mkopeshaji akikuza deni tu, halafu akatoa 700,000 kavukavu, atadai Sh471,659. Hapo mteja kapigwa Sh55,707. Kuhakiki, rudisha pesa zote mwezi 0. Kwa riba ya aina hii, X haibadiliki.