Miaka 75 ya Msimbo wa Hamming

Mwezi wa Aprili 2025 ilitimu miaka 75 tangu jarida la ufundi la kampuni ya simu ya Bell, huko Marekani, lilipochapa makala ya Richard Hamming juu ya misimbo inayogundua makosa na kuyasahihisha, nayo ni makala ambayo asili yake, kwa masimulizi ya Hamming mwenyewe aliyoyatoa miaka mingi baadaye, haikuwa falsafa wala nadharia, bali ghadhabu ya mtu aliyepotezewa kazi yake.

Hamming, mwanahisabati mzaliwa wa Chicago, aliingia katika maabara ya Bell mwaka 1946, akapewa ruhusa ya kuitumia mashine ya kukokotoa ya maabara hiyo mwisho wa juma tu. Mashine hiyo, iliyofanya kazi kwa rilei, ilikuwa na uwezo wa kutambua kwamba imekosea: siku za kazi ilisimama na kuwasha taa, mafundi wakaja kuiondoa hitilafu, lakini Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa hapakuwa na fundi, iliiacha hesabu hiyo na kuishika inayofuata. Majuma mawili mfululizo Hamming alirudi Jumatatu akakuta hesabu zake zimetupwa, ndipo akajiuliza kwa hasira: mashine ikiweza kujua kwamba pana kosa, ni kipi kinachoizuia kujua mahali lilipo, ikalisahihisha?

Jawabu lake lilikuwa kuzipanga biti saba kwa nafasi, nafasi ya 3, 5, 6 na 7 zikabeba habari yenyewe, na nafasi ya 1, 2 na 4 zikawekwa kuwa walinzi. Mlinzi wa kwanza huangalia nafasi 1, 3, 5 na 7. Wa pili, aliye nafasi ya 2, huangalia 2, 3, 6 na 7. Na yule wa nafasi ya 4 huangalia 4, 5, 6 na 7. Na kila mmoja hupewa 0 au 1 ili idadi ya moja katika kundi lake iwe shufwa. Tuseme habari ni 1011. Kundi la kwanza lina 1, 0, 1, ambazo zimekwisha kuwa shufwa, basi mlinzi wake ni 0. La pili lina 1, 1, 1, ambazo ni witiri, basi huongezewa 1. La tatu lina 0, 1, 1, basi mlinzi ni 0.

```
nafasi:    1 2 3 4 5 6 7
iliyotumwa 0 1 1 0 0 1 1
iliyofika  0 1 1 0 1 1 1
```

Njiani biti ya tano imegeuka. Mpokeaji akihesabu upya ataona kundi la mlinzi wa 1 limekuwa witiri, la mlinzi wa 2 ni shufwa, na la mlinzi wa 4 ni witiri. Basi hujumlisha nafasi za walinzi wanaolalamika, 1 na 4, akapata 5, nayo ndiyo nafasi ya kugeuza.

Lakini biti mbili zikiharibika pamoja, tuseme ya 5 na ya 6, walinzi wa 1 na wa 2 watalalamika, na mpokeaji ataigeuza biti ya 3, iliyokuwa salama, akaongeza uharibifu akidhani ametengeneza. Kwa sababu hiyo Hamming, katika makala yake hiyo hiyo, aliongeza biti moja ya kuufanya mkusanyiko mzima uwe shufwa: walinzi wakilalamika ilhali jumla ingali shufwa, hapo hujulikana kuwa makosa ni mawili, nayo yatatangazwa bila ya kuguswa.

Mzozo ulizuka juu ya nani aliyetangulia. Claude Shannon, aliyefanya kazi katika maabara hiyo hiyo, aliutaja msimbo wa biti saba katika makala yake ya mwaka 1948 na kuunasibisha na Hamming. Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akilitumikia jeshi la Marekani, akausoma, na mwaka 1949 akatoa ukurasa mmoja tu uliopanua kanuni hiyo na kuleta msimbo wake wa biti 23 unaosahihisha makosa matatu. Hamming wakati huo alikuwa amefungwa mdomo na mawakili wa kampuni, waliotaka kwanza ipatikane hataza, ijapokuwa yeye hakuamini kwamba kanuni za hesabu zaweza kumilikiwa. Ombi likapelekwa Januari 1950, kwa jina lake na la Bernard Holbrook. Kwa maoni yangu ushahidi wa Shannon wakata shauri: msimbo wa biti saba ni wa Hamming, na ule wa 23 ni wa Golay pasi na mshirika.

Mwaka 1968 Hamming alipewa Tuzo ya Turing, akafariki Januari 1998. Msimbo wake, uliopanuliwa hadi biti 8 za ulinzi kwa kila biti 64 za habari, umo katika kumbukumbu za kompyuta kubwa zinazohudumia mitandao. Bali kompyuta nyingi za mezani, zile ziwekwazo madaftari ya maduka na matokeo ya mitihani, huuzwa na kumbukumbu isiyo na biti hizo nane, kwa ajili ya kupunguza bei, na biti ikigeuka humo, hapana taa iwakayo.