Viti viwili, vijana wawili

Huku Silanga, Kibera, utamsikia fundi akisema, "Viti mbili zimevunjika, vijana wawili wamekuja kuzichukua." Nomino zote mbili zinaanza kwa vi-. Mbona basi upatanisho ukatofautiana?

Wilhelm Bleek, katika sarufi aliyoanza kuichapisha mwaka wa 1862, alipanga ngeli kwa viambishi vya nomino. Kwa kigezo hicho, kiti na kijana ni ndugu. Sarufi ya shuleni leo hutazama kitenzi: kiti kizuri kimevunjika, kijana mzuri amekuja. Ndipo tukapata KI-VI na A-WA. Kiambishi kinachorudiwa kwenye kivumishi, idadi na kitenzi hutuonyesha nomino inayosemwa. Fundi wetu ameacha "viwili vimevunjika", lakini hasemi "vijana mbili zimekuja". Uhai bado anautofautisha.